Siku Kumi na Mbili za Mbu

Usiku wa Kikambala una sauti mbili. Ya kwanza ni bahari ikivunja mawimbi kwenye mwamba, ambayo ukiizoea huisikii tena. Ya pili huizoei hata ukiishi hapo miaka sabini: ule mlio mwembamba wa mbu unaokuja sikioni, ukanyamaza, na unyamavu wenyewe ukakuambia kwamba ameshatua. Mzazi wa pwani akisikia hivyo huwasha taa na kutazama kwanza pale alipolala mtoto.

Ana sababu. Kwa vizazi vingi, kati ya Mtwapa na Malindi, mtoto aliweza kulala na joto kidogo mwilini na kufikia alfajiri akawa amekakamaa, macho juu, meno yameumana. Ilikuwa degedege, ambayo wazee wengi waliiita nyuni, wakiamini ni ndege wa jini aliyempitia mtoto usiku. Hawakukosea kabisa kwamba kitu kilikuja usiku kwa mabawa.

Mwaka 1989, kando ya hospitali ya Kilifi, kilianzishwa kituo cha utafiti cha KEMRI, na mojawapo ya maswali yake ya mwanzo lilikuwa hilo la mbu na watoto. Charles Mbogo na wenzake walikuwa wakikamata mbu ndani ya nyumba, wakiwahesabu na kuwapima, na mwaka 1993 wakachapisha hesabu iliyowashangaza wengi. Katika mji wa Kilifi, mtu mmoja aliumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria mara moja na nusu hivi kwa mwaka mzima. Sokoke, kwenye mashamba ya ndani, ilikuwa kama mara nane. Bara, kwenye mabonde ya mpunga ya Tanzania, kulikuwa na vijiji ambako mtu aliumwa na mbu wa namna hiyo mara mia kadhaa kwa mwaka. Hata hivyo wodi ya watoto ya Kilifi ilikuwa ikijaa malaria kali kila baada ya mvua.

Kimelea kinawezaje kudumu mahali ambapo kinapata nafasi ya kupita mara moja au mara nane tu kwa mwaka? Ili kulijibu swali hilo ilibidi watu waache kumtazama mgonjwa peke yake, wamtazame mbu kama kiumbe ambaye naye ameingiliwa.

Kwamba kimelea hukua ndani ya mbu kulijulikana tangu tarehe 20 Agosti 1897, siku ambayo Ronald Ross, daktari wa jeshi la Kiingereza mjini Sekunderabadi, India, alipasua tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa siku chache kabla, akaona kwenye ukuta wa tumbo vifuko vidogo vyenye chembe nyeusi. Baada yake Giovanni Battista Grassi na wenzake huko Italia walithibitisha kwamba ni mbu wa aina ya anofelesi, na jike tu, anayempa binadamu malaria. Habari hiyo ya mwanzo iko katika kila kitabu cha shule. Kinachorukwa mara nyingi ni muda.

Mbu jike anapomnyonya mtu mwenye malaria, humeza damu yenye vimelea vya kila hatua. Vingi huyeyuka tumboni pamoja na chakula. Vinavyonusurika ni vile vichache vilivyokomaa kwa ajili ya uzazi, vya kiume na vya kike, ambavyo hukutana humo tumboni, vikapenya ukuta wake na kujijengea vifuko kwa nje. Hapo huanza kungoja. Ndani ya kila kifuko, kimelea hujigawa tena na tena hadi kupata maelfu ya vidude vyembamba kama nyuzi. Kifuko hupasuka, nyuzi zikaogelea kwenye maji ya mwili wa mbu, na hatimaye zikaingia kwenye tezi za mate. Kwa joto la pwani yetu, safari hiyo huchukua siku 10 hadi 12 hivi. Kabla ya hapo mbu anaweza kuuma watu wanne, watano, kila baada ya siku mbili tatu akitafuta damu ya kukuzia mayai, asimwambukize hata mmoja.

Sasa fikiria maisha ya mbu. Kuna mjusi ukutani, kuna buibui, kuna kofi la mtu, kuna jua kali na upepo. Wengi hawafiki siku hiyo ya kumi na mbili. Kimelea kimepanda chombo kinachovuja, na safari ni ndefu.

Waliopima uvujaji huo kwa makini zaidi katika eneo letu walikuwa Muheza, nyuma ya Tanga, umbali mfupi tu kutoka mpaka wa Kenya. Huko Mick Gillies alifanya kazi kwa miaka mingi, na mwaka 1965 yeye na mwenzake Wilkes wakachapisha utafiti mkubwa juu ya umri wa anofelesi wa vijiji vile. Umri wa mbu hausomeki usoni. Njia waliyotegemea ilitokana na wataalamu wa Kirusi, hasa Detinova, nayo ni nzuri kiasi kwamba inafaa kuelezwa taratibu.

Unamlaza mbu aliyekufa chini ya hadubini katika tone la maji. Kwa sindano moja unamshika kifuani, kwa nyingine unavuta ncha ya tumbo polepole hadi mfuko wa mayai utoke, mweupe, mdogo kuliko punje ya mtama. Unauacha ukauke juu ya kioo. Ukiutazama sasa, umezungukwa na mirija ya hewa. Kwa mbu ambaye hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejikunja kama mafundo ya uzi ambao haujafunguliwa. Akishataga hata mara moja, mfuko ulitanuka kwa mayai na mafundo yakanyooka, nayo hayajikunji tena kamwe. Wenye mkono mwepesi zaidi huweza kuhesabu vinundu vinavyobaki kila mayai yanapotoka, wakajua mbu ametaga mara ngapi. Kisha unamgeukia kichwani: unavuta kichwa kitengane na kifua, tezi za mate zinafuata zikiwa na vipande vitatu kila upande, unazifunika kwa kigae cha kioo na kubonyeza. Kama ana vimelea, unaona nyuzi zikimwagika, nyembamba, zimepinda kidogo, nyingine zikicheza. Kwenye tezi za kijana huoni kitu. Mwenye nyuzi ni mbu mzee.

Mtu wa kulipa neno "mzee" uzito wa hesabu alikuwa George Macdonald wa London, katika kazi zake za miaka ya 1950. Hesabu yake inaweza kufanywa hata kwenye karatasi ya kufungia kashata. Chukua mbu 100 waliomeza vimelea usiku mmoja. Tuseme kila siku wanakufa 10 katika kila 100. Baada ya siku 12 wamebaki 28, na kila mmoja ana siku tisa na nusu hivi za kuishi zaidi. Sasa tuseme wanakufa 20 katika kila 100 kwa siku. Baada ya siku 12 wamebaki saba, na kila mmoja ana siku nne na nusu tu mbele yake. Vifo vya kila siku vimezidi mara mbili, lakini siku ambazo mbu hatari wanaruka usiku zimeshuka kutoka kama 270 hadi kama 30. Kwa hiyo kimelea kinapata faida au hasara kubwa kutokana na mabadiliko madogo sana katika maisha ya mbu. Ukilielewa hilo, jambo linalofuata halikushangazi tena kama lilivyowashangaza waliolikuta.

Mwaka 1998 Jacob Koella na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao nchini Tanzania. Walikamata mbu walioshiba damu na kuuliza swali rahisi: damu iliyo tumboni ni ya mtu mmoja au zaidi? Alama za urithi zilizo katika damu ziliwawezesha kujua. Kati ya mbu wasio na vimelea kwenye tezi za mate, asilimia 10 walikuwa wamenyonya zaidi ya mtu mmoja usiku huo. Kati ya wale wenye vimelea vilivyokomaa, ilikuwa asilimia 22. Mbu aliyeiva kwa malaria anaamka usiku na kuzunguka vitandani zaidi ya mwenzake.

Sehemu ya sababu ilikuwa imeshaonekana miaka ya 1980 katika maabara, kwa mbu wa jamii nyingine na malaria ya kuku. Mate ya mbu yana kimeng'enya kinachozuia damu isigande kwenye tundu anapotafuta mshipa. Vimelea vikijaa kwenye tezi, kimeng'enya hicho hupungua. Mbu hudunga, hukosa damu ya kutosha, hudunga tena, na kila mdungo humwaga mate yenye nyuzi zile. Akisumbuliwa, huhamia kwa mtu wa pili bado ana njaa.

Lakini upande mzuri zaidi wa habari hii ni ule wa kabla ya siku ya kumi na mbili. Kuuma ni hatari kwa mbu: ndipo anapopigwa kofi. Kwa kimelea ambacho bado kiko kwenye kifuko tumboni, kila mdungo ni hasara tupu, kwa kuwa hakina cha kupitisha. Mwaka 1999 Koella, pamoja na Anderson na Hurd, walionyesha kwa malaria ya panya kwamba mbu wenye vifuko visivyoiva walikata tamaa mapema walipozuiwa kuuma, na wale wenye vimelea vilivyoiva waling'ang'ania. Mbu wa aina moja, kimelea cha aina moja. Kinachotofautiana ni siku.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaopenda simulizi tamu hulipita haraka. Kuona mbu amebadilika si sawa na kuthibitisha kwamba kimelea ndicho kilichomshika usukani. Mwaka 2013 Lauren Cator na wenzake waliwachanja mbu kwa bakteria waliokufa, bila kimelea chochote cha malaria, nao wakaonyesha mabadiliko yanayofanana ya kupunguza hamu ya kuuma kisha kuiongeza. Huenda basi ni mwili wa mbu wenyewe unaojibu ugonjwa, na kimelea kimepata tu njia ya kufaidika na jibu hilo. Mimi naona hoja hiyo ni nzito na haijajibiwa kikamilifu. Ila kwa mtoto aliyelala, faida ya kimelea ni ileile, iwe kimeendesha au kimepewa lifti.

Kimelea hakiishii kwa mbu. Mwaka 2005 kundi ambalo ndani yake alikuwamo Mkenya Richard Mukabana, pamoja na Koella huyohuyo, lilichapisha jaribio lililofanywa magharibi mwa Kenya. Waliwachukua watoto watatu watatu: mmoja hana malaria, mmoja ana vimelea visivyoweza kumwambukiza mbu, na mmoja ana vile vilivyokomaa kwa uzazi. Kila mtoto alikaa katika hema lake, hewa yake ikapelekwa kwenye chumba cha katikati walimoachiwa mbu, na mitego ikawanasa njiani wasimfikie mtoto. Katika makundi 12 ya watoto, yule mwenye vimelea vya uzazi aliwavuta mbu kama mara mbili ya wenzake. Kisha watoto walitibiwa na kurudishwa kwenye mahema yaleyale. Tofauti ikatoweka. Hiyo hatua ya pili ndiyo inayoniridhisha, kwa sababu inafuta uwezekano kwamba mtoto fulani ananukia zaidi kwa maumbile yake. Harufu ilikuja na kimelea na iliondoka nacho.

Basi kimelea kinafaidika na tabia ya mbu pande zote mbili. Je, kinaongoza pia idadi? Wataalamu wa ikolojia, tangu kazi za Roy Anderson na Robert May za mwishoni mwa miaka ya 1970, wamesisitiza kwamba kuua si sawa na kudhibiti idadi. Ugonjwa unadhibiti jamii ya viumbe pale unapogusa wengi wao, na makali yake yanapozidi kadiri wanavyosongamana.

Mfano ulio wazi zaidi Afrika Mashariki uko Serengeti. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia kutoka upande wa Bahari ya Shamu mwishoni mwa miaka ya 1880, uliwabana nyumbu kwa zaidi ya miaka sabini. Walter Plowright alipotengeneza chanjo nzuri pale Muguga, nje ya Nairobi, ng'ombe wanaoizunguka Serengeti wakachanjwa, na nyumbu, ambao hakuna aliyewadunga sindano hata mmoja, wakapona kwa kukosa pa kuupatia ugonjwa. Walikuwa kama 260,000 mwaka 1961. Kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni 1.3, na hapo kilichowasimamisha ni nyasi za kiangazi.

Mbu wetu hawamo katika fungu hilo. Malaria humdhuru mbu pia, humpunguzia mayai, lakini katika mbu 100 wa anofelesi waliokamatwa nyumbani pwani, wenye nyuzi kwenye tezi huwa ni wachache mno. Idadi ya mbu huamuliwa kwenye dimbwi: maji yamesimama muda gani baada ya masika, na viluwiluwi wangapi wanagombea chakula humo. Kimelea kinahusika na tabia ya mbu mmoja mmoja, na jamii ya mbu haijui hata kama kipo.

Kwa binadamu jibu ni la uchungu zaidi. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alisafiri na msafara wa Chuo Kikuu cha Oksfodi akipima damu za jamii za Kenya. Akaona kwamba watu wenye urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa zaidi ya asilimia 20 katika baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Viktoria, na katika nyanda za juu na sehemu kavu walikuwa chini ya asilimia moja. Urithi huo, mtoto akiupata kutoka kwa wazazi wote wawili, ni ugonjwa unaotesa na kuua. Ungepaswa kufifia. Allison aliona kwamba ramani yake ni ramani ya malaria, na mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba anayerithi kwa mzazi mmoja hukingwa. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, Tom Williams na wenzake wa Kilifi waliweka vipimo: kinga ya asilimia 50 hivi dhidi ya malaria ya kawaida, 75 dhidi ya kulazwa, na karibu 90 dhidi ya malaria kali. Ili urithi wenye gharama kubwa namna ile ubaki katika damu ya watu wengi, ilibidi watoto wengi wasio nao wazikwe, kizazi baada ya kizazi. Damu ya watu wa pwani imebeba hesabu ya makaburi hayo.

Kuanzia 1993 mzigo huo ulipimwa kwa njia ya moja kwa moja. Vijiji vya Kilifi viligawanywa kwa bahati nasibu. Vingine vikapewa vyandarua vilivyochovywa dawa ya kuua wadudu, vingine vikasubiri. Matokeo ya Christopher Nevill na wenzake yalitoka mwaka 1996: penye vyandarua, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44.

Chandarua chenye dawa hufanya kazi mbili. Humzuia mbu asimfikie aliyelala, na humuua anayekigusa. Ya pili ndiyo inayogonga mlemle ambamo hesabu ya Macdonald inaonyesha udhaifu. Mbu wa siku ya kumi na mbili lazima awe ametafuta damu mara nne au tano, kila mara akikutana na nyavu. Na yule ambaye vimelea vimemzidishia njaa, anayehama kitanda hadi kitanda, ndiye mwenye nafasi nyingi zaidi za kuigusa dawa. Hulka iliyokisaidia kimelea kwenye nyumba isiyo na chandarua inapaswa kuwa ndiyo inayokimaliza kwenye nyumba ambayo kila kitanda kimefunikwa. Ndiyo maana chandarua kimoja ndani ya nyumba ya vitanda vitatu ni nusu ya kazi: aliyekataliwa kwa mmoja ana wawili wengine, na ana njaa.

Kati ya 2003 na 2007, miaka minne tu, watoto wa Kilifi waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 18 hivi kwa kila 1,000 kwa mwaka hadi watatu na ushei. Sehemu ya kushuka huko ilitangulia kuenea kwa vyandarua, hivyo si haki kuvipa sifa yote. Lakini mbu wenyewe walibadilika kwa namna inayoelekeza kidole kwenye nyavu. Wale anofelesi wa zamani waliolala ndani na kupenda damu ya mtu tu wamepungua sana katika ukanda huu, kama Mbogo na Joseph Mwangangi walivyoonyesha mwaka 2013. Waliozidi kushika nafasi ni wa aina mbili: yule anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi karibu na mikoko, kama ile ya mkono wa bahari wa Mtwapa, na yule asiyechagua sana, anayemuuma mtu akimkuta na kumuuma ng'ombe akimkuta.

Huyu wa mwisho ndiye ninayemfikiria nikipita Kikambala jioni na kuona ng'ombe amefungwa chini ya mnazi, nje ya nyumba ambayo kila kitanda kina chandarua. Kimelea kilicho kwenye tezi za mbu huyo kimengoja siku zake kumi na mbili na kimempa njaa ya kuuma tena na tena. Akishindwa mlangoni atamrudia ng'ombe, atamdunga mara nyingi kuliko kawaida, na kila mdungo utamwaga nyuzi zile katika ngozi ya mnyama ambaye malaria ya binadamu haiwezi kuota ndani yake. Zinafia hapo, na ng'ombe anapiga mkia.